Kugeuza jarida la chama kuwa sauti: vituo, pumzi na majina ya watu

Vyama vingi vya akiba na mikopo hapa Arusha vina jarida la wanachama. Ni kurasa mbili au tatu zenye taarifa ya mikopo, tarehe ya mkutano, waliojiunga, waliofiwa, na neno la mwenyekiti. Jarida hutumwa kwenye kundi la Wasapu kama faili la pidiefu, na hapo ndipo wengi wanapoliacha. Mama anayeuza ndizi Soko la Kilombero hana muda wa kukuza herufi kwenye kioo cha simu. Mzee mwenye mtoto wa jicho hazioni hata zikikuzwa. Dereva wa daladala yuko barabarani kutwa. Wote hao wana masikio, kwa hiyo jarida lao wasomewe.

Mwongozo huu ni kwa mtu mmoja mwenye simu ya kawaida, kompyuta ya kuazima kwa saa moja, na jarida la maneno 700 au 800. Kiswahili cha taarifa kikisomwa kwa utulivu huenda kama maneno 110 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo jarida hilo litatoa sauti ya dakika tano hadi nane. Likizidi dakika kumi, punguza habari. Usisome haraka ili zote zienee.

Hatua ya kwanza: andika upya kwa ajili ya sikio

Usisome jarida lenyewe. Fungua ukurasa mpya na utengeneze nakala ya kusomea, kwa sababu jicho linaweza kurudi nyuma kwenye sentensi na sikio haliwezi. Nitachukua aya moja ya aina inayopatikana karibu kila jarida, tuitumie mpaka mwisho:

"Mkutano Mkuu wa Mwaka utafanyika Jumamosi 14/3/2026 saa 4:00 asubuhi (usajili kuanzia 2:30) katika ukumbi wa shule, Ngaramtoni, ambapo wajumbe toka matawi ya Mang'ola, Qurus, Ng'iresi na Usa River watapokea taarifa ya mikopo chechefu ya TZS 12,450,000/= itakayowasilishwa na Nd. Pallangyo na kupitisha gawio la 6%."

Kwenye karatasi aya hii inaeleweka. Ukiisoma kama ilivyo, msikilizaji atashika Jumamosi na pengine Ngaramtoni, basi. Ina habari nyingi ndani ya sentensi moja, kwa hiyo ivunje iwe sentensi fupi fupi. Kilicho kwenye mabano kipe sentensi yake, maana mabano hayana sauti. "Ambapo" inayounganisha habari mbili ifute, uanze sentensi mpya.

Kisha tarakimu zote ziandike kwa maneno, kama utakavyozitamka, usiziachie kichwa kizitafsiri wakati unasoma. Kwenye fedha tumia laki. Ukisema "elfu mia nne hamsini", kuna atakayesikia elfu mia nne na hamsini, yaani shilingi 400,050. Ukisema "laki nne na nusu" hakuna anayepotea. Kwa hiyo 12,450,000 inakuwa "shilingi milioni kumi na mbili na laki nne na nusu". Asilimia ipe mfano wa fedha: gawio la asilimia sita maana yake kila hisa za laki moja zinapata shilingi elfu sita.

Saa ziangalie kwa makini zaidi. Makatibu wengine huandika saa ya Kiswahili, 4:00 asubuhi, na wengine huandika jinsi kompyuta inavyoonyesha, 10:00. Zote mbili ni saa nne. Jarida moja likichanganya mifumo hiyo miwili, mpigie katibu kabla hujagusa kitu, usikisie. Tarehe nayo ilinganishe na kalenda. Siku na tarehe zisipokubaliana, msomaji wa karatasi ataona na kuuliza, lakini msikilizaji atashika siku tu na atakuja siku hiyo.

Vifupisho ni vya aina mbili. Kuna vinavyotamkwa kama neno, mfano TANAPA na SACCOS, ambacho kila mtu hukiita sakosi. Kuna vinavyotajwa herufi moja moja, mfano AICC, ambacho hapa mjini ni "ei-ai-sii-sii". Andika kwenye nakala yako kama kinavyotamkwa mtaani. Kifupisho ambacho si cha mtaani, kitaje kwa jina lake kamili.

Hatua ya pili: majina

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo Arusha inapokuwa tofauti na sehemu nyingi. Chama kimoja kinaweza kuwa na Wameru, Waarusha, Wamasai, Wairaqw, Wachaga na Wapare kwenye daftari moja la wanachama, na majina yao hayafuati kanuni moja ya kusoma. Kanuni ya Kiswahili ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho itakufikisha mbali, lakini haitakufikisha kote.

Anza na majina ya Wameru. Pallangyo ni silabi tatu: pa-LA-ngyo. Ile "ngyo" haivunjwi kuwa "ngi-yo", na g yake inasikika. Kaaya ina a mbili na zote zinatamkwa: ka-A-ya. Anayesoma "Kaya" ametaja nyumba, hajamtaja mtu. Nnko ina n mbili, kwa hiyo n inashikiliwa kidogo kabla ya kufika kwenye "ko". Msomaji asiyelizoea huingiza irabu mbele na kusema "Inko", na kikao kizima kinageuka kumtazama.

Majina ya Kichaga yana mtego unaofanana na huo. Lyimo ni silabi mbili, LYI-mo, wala si "Li-yi-mo". Massawe na Urassa zimeandikwa kwa s mbili kwa mazoea ya zamani, lakini huhitaji kuikaza s. Sema ma-SA-we na u-RA-sa.

Kwa majina ya Waarusha na Wamasai shida iko mwishoni. Mollel linaishia na konsonanti, na ulimi uliozoea Kiswahili hutafuta irabu ya kufungia, ndipo unasikia "Moleli". Ishia kwenye l. Laizer lina watu wanaoitamka r ya mwisho na wanaoimeza, na mwenye jina ndiye anayeamua.

Majina ya Kiiraqw ndiyo yanayoachwa ovyo kuliko yote, kwa sababu lugha yao ni ya Kikushi na ina sauti ambazo Kiswahili hakina. Zijue chache. Herufi q, kama kwenye Qorro au kata ya Qurus kule Karatu, ni k inayotamkwa nyuma zaidi, karibu na koo, kama qaf ya Kiarabu. Aliyepita madrasa anaijua tayari. Herufi hh ni h nzito ya kooni, na x ni kama kh. Herufi sl ni sauti moja: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha pitisha hewa pembeni mwa ulimi bila kutoa sauti ya kooni. Ndiyo sauti iliyo mwanzoni mwa jina la Wilbrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu, ingawa nchi nzima imezoea kusema "Silaa". Herufi tl, kama kwenye Tluway, huanza kwa kuziba hewa kisha kuiachia kwa pembeni kwa mshindo.

Usijitese kutaka kusikika kama mzaliwa wa Mbulu. Kinachotakiwa ni kutoliongezea jina silabi ambazo halina na kutolipunguzia zile lilizo nazo. Mwiraqw akisikia umejaribu q ukaikaribia, ameridhika. Akisikia "Kuruusi", amejua hukuuliza.

Limebaki jambo moja linalohusu uandishi zaidi ya matamshi, nalo ni ng na ng'. Ngaramtoni ina g. Ng'iresi na Mang'ola hazina g, zina sauti ile ya ng'ombe. Nakala ikitoka kwenye programu moja kwenda nyingine, mara nyingi ile alama ya juu hupotea, na "Mang'ola" inakufikia ikiwa "Mangola". Kwa hiyo usiamini maandishi peke yake. Kila palipo na ng kwenye jina la mtu au kijiji, thibitisha.

Kuthibitisha kwenyewe ni rahisi. Mtumie mwenye jina ujumbe mfupi: "Shikamoo mama, naandaa jarida la kusikiliza. Naomba unirekodie jina lako kamili mara mbili, mara ya kwanza polepole, ya pili kama unavyojitambulisha kikaoni." Zile mara mbili zina maana. Ya polepole inakuonyesha silabi, na ya pili inakuonyesha mkazo unakaa wapi, kwa sababu mtu akivuta jina lake polepole mkazo hupotea. Usimwombe mtu mwingine akutamkie jina la mwenzake, hata kama ni wa kabila moja. Ndugu wawili wanaweza kulitamka jina la ukoo tofauti, mmoja akiwa amekulia Tengeru na mwingine Dar.

Ukishapata sauti, andika kwenye daftari la majina. Mimi napendelea safu nne: jina lilivyoandikwa, linavyosomwa, nani aliyethibitisha, na tarehe. Kwenye safu ya pili tenganisha silabi kwa kistari na silabi yenye mkazo iandike kwa herufi kubwa. Usibuni alama ngumu, kwa sababu mwezi ujao huenda mtu mwingine ndiye atakayesoma na inabidi aelewe bila kuelezwa. Jarida la kwanza litakula muda. Baada ya matoleo machache majina mapya kwenye kila toleo yatakuwa machache tu.

Taarifa za misiba zishughulikie peke yake. Marehemu hawezi kukurekodia, na jina likiharibiwa hapo linaumiza kuliko popote. Mpigie mmoja wa wafiwa, mpe pole kwanza, umwulize jina la marehemu lilivyotamkwa nyumbani na jina alilojulikana nalo. Wazee wengi wana jina la ubatizo kwenye daftari la chama na jina jingine kabisa pale kijijini. Ukitaja la kwenye daftari pekee, nusu ya wanachama hawatajua nani amefariki. Soma yote mawili: "aliyejulikana na wengi kama Baba" fulani.

Hatua ya tatu: weka vituo

Sasa una nakala yenye sentensi fupi, tarakimu kwa maneno, na majina yaliyokatwa silabi. Chukua kalamu, uisome kwa sauti, uweke alama. Mstari mmoja wa mshazari ni kituo kifupi, kama nusu sekunde. Mistari miwili ni mwisho wa wazo, sekunde moja. Mistari mitatu ni kuhama kutoka habari moja kwenda nyingine, sekunde mbili hadi tatu. Sekunde tatu za kimya ukiwa mbele ya simu zinaonekana ndefu mno, lakini kwa msikilizaji ni za kawaida kabisa.

Usidhani kila mkato ni kituo, wala kwamba pasipo na mkato hakuna kituo. Mkato wa kwenye maandishi unafuata sarufi, kituo cha mdomo kinafuata maana. Kiima kikiwa kirefu, pumzika baada yake hata kama hakuna mkato: "Wanachama wote waliokopa kabla ya mwezi wa kumi / wafike ofisini." Lakini usitenganishe nomino na kihusishi chake. "Taarifa / ya mikopo" inasikika kama mtu aliyesahau neno. Vivyo hivyo usipumzike kati ya jina la kwanza la mtu na la ukoo. Jina lote litoke kwa pumzi moja, kisha ndipo kituo kifupi kifuate ili lizame.

Kituo kikikaa pabaya kinabadilisha habari yenyewe. Soma hii: "Katibu alisema mwenyekiti amejiuzulu." Ukipumzika baada ya "alisema", aliyejiuzulu ni mwenyekiti. Ukipumzika baada ya "Katibu" na tena baada ya "mwenyekiti", aliyejiuzulu ni katibu. Sentensi ya namna hiyo usiiachie kituo peke yake kiiokoe. Iandike upya: "Mwenyekiti amejiuzulu. Habari hiyo imetolewa na katibu."

Aya yetu ya mkutano sasa inasomeka hivi:

"Sasa ni taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka. // Mkutano utafanyika Jumamosi / tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. // Utaanza saa nne asubuhi / lakini usajili unaanza saa mbili na nusu. // Mahali ni ukumbi wa shule / Ngaramtoni. // Matawi yanayoleta wajumbe ni manne: / Mang'ola, / Qurus, / Ng'iresi / na Usa Riva. // Kwanza, Ndugu pa-LA-ngyo / atasoma taarifa ya mikopo chechefu, / yaani mikopo isiyolipwa kwa wakati. // Mikopo hiyo ni / shilingi milioni kumi na mbili na laki nne na nusu. // Pili, wajumbe watapitisha gawio la asilimia sita. // Maana yake / kila hisa za laki moja / zinapata shilingi elfu sita. // Narudia: / Jumamosi / tarehe kumi na nne mwezi wa tatu / saa nne asubuhi / Ngaramtoni. ///"

Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Angalia kituo kifupi kabla ya kiasi cha fedha. Kinampa msikilizaji nafasi ya kujiandaa kupokea namba. Angalia pia kwamba idadi ya matawi imetajwa kabla ya majina yao, ili anayesikiliza ajue orodha inaishia wapi. Kurudia siku na saa mwishoni ni lazima, maana huyu hana karatasi ya kurudi kuangalia. Namba ya simu nayo isomwe mara mbili, kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu au nne, na kituo kifupi baada ya kila fungu ili mtu aandike.

Hatua ya nne: kurekodi

Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo, si chumba kitupu chenye sakafu ya vigae. Zima feni na uweke simu kwenye hali ya ndege. Chini ya bati usirekodi mvua ikiwa karibu. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, si mbele ya mdomo, la sivyo kila p na b itapiga mshindo kama upepo.

Ukikosea usizime. Piga kofi moja, nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi nzima tangu mwanzo. Usirudie neno lililokosewa peke yake, kwa sababu sauti yako haitalingana na iliyotangulia na kiraka kitasikika. Kofi linaonekana kwenye kompyuta kama mlingoti mrefu, kwa hiyo wakati wa kukata unakwenda moja kwa moja panapohusika. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Humo, kwenye menyu ya Effect, kuna amri iitwayo Truncate Silence ambayo hufupisha kimya kirefu. Usiiguse. Itafupisha vituo ulivyoviweka kwa kalamu.

Wasomaji wengi wa huku bara wajihadhari na dh. Kwenye jarida la chama cha mikopo maneno dhamana na mdhamini yanarudi kila aya, na "zamana" na "mzamini" yakisikika mara kumi yanachosha hata asiyejua kwa nini. Yatamke kwa makusudi mara kadhaa kabla ya kubonyeza kitufe.

Gawa sauti kwa habari: faili moja la mkutano, moja la mikopo, moja la misiba, na kila faili lipewe jina la habari yake. Anayetaka kusikia mkopo wake asilazimike kupita kwenye neno la mwenyekiti.

Hatua ya tano: sikilizisha kabla ya kusambaza

Tafuta mwanachama mmoja ambaye hajaliona jarida la karatasi. Mchezee faili la mkutano mara moja tu, akiwa anaendelea na shughuli zake, kisha umwulize mambo manne: siku gani, saa ngapi, wapi, na wametajwa nani. Akishindwa siku au saa, tatizo liko kwenye sentensi au kituo cha hapo, si kwake. Akikutajia jina vibaya, sikiliza ulivyolisema wewe. Mara nyingi utakuta umeliharakisha, ukakimbilia kitenzi kinachofuata.

Jina likigundulika limekosewa baada ya kusambaza, rekodi upya habari ile moja tu na uitume ukiwa umeiandika "imesahihishwa". Lifute lile la kwanza kwenye kundi wakati bado inawezekana, mwandikie mwenye jina moja kwa moja, na siku hiyo hiyo urekebishe safu ya pili ya daftari la majina.